Mikondo Miwili, Gredi Nne: Je, Tofauti Tunayoiona Ipo Kweli?

Walimu wenzangu, na nyote mliofika,

Nianze na kikao kimoja cha walimu nilichohudhuria miaka iliyopita. Ubaoni palikuwa na matokeo ya hisabati ya mikondo miwili ya kidato kimoja. Mtihani ulikuwa uleule, umefanywa siku moja, na wasahihishaji walikuwa walewale. Mkondo wa kwanza nitauita Mashariki, wa pili Magharibi. Mashariki, wanafunzi 12 kati ya 40 walikuwa wamepata A. Magharibi, wanafunzi 8 kati ya 60. Mwenyekiti akayatazama yale maandishi, akamgeukia mwalimu wa Magharibi, akasema, "Mwalimu, hebu tueleze kulikoni."

Mwenzetu akasimama. Chaki ilikuwa bado mkononi, maana ndiye aliyekuwa amemaliza kuandika namba zile ubaoni. Hakujitetea. Aliuliza swali moja tu, na swali hilo nitalirudia nikikaribia kumaliza. Kwa sasa niseme kwamba mimi nilikuwa nimekaa palepale, nafundisha takwimu, na nilinyamaza. Leo nataka kufanya mbele yenu jaribio la kai-skwea, hesabu ambayo ilipaswa kufanywa siku ile kabla ya mtu yeyote kuambiwa asimame. Namba nimezirahisisha kidogo ili majumlisho yatoke bila mabaki, lakini sura ya jambo ni ileile.

Jedwali letu ni hili:

| Mkondo | A | B | C | D | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Mashariki | 12 | 14 | 9 | 5 | 40 |
| Magharibi | 8 | 16 | 21 | 15 | 60 |
| Jumla | 20 | 30 | 30 | 20 | 100 |

Litazameni vizuri. Asilimia 30 ya Mashariki wamepata A, na Magharibi ni asilimia 13 na kitu. Upande wa D, Mashariki ni asilimia 12.5, Magharibi ni asilimia 25, yaani mara mbili kamili. Ukimwonyesha mtu yeyote jedwali hili atakwambia mikondo hii haifanani, na macho yake hayamdanganyi. Haifanani. Lakini swali letu si kama namba zinafanana. Hata ukichukua mkondo mmoja ukaugawa mara mbili kwa kura, makundi mawili utakayopata hayatakuwa na gredi zinazolingana. Swali letu ni kama tofauti hii ni kubwa kuliko ile ambayo kura peke yake ingeweza kuizaa.

Kwa hiyo tunaanza kwa kuchukulia kwamba mikondo haina tofauti yoyote ya ndani. Hiyo ndiyo nadharia tete yetu. Hatuiamini wala hatuikatai. Tunaisimamisha hapo ili tuone kama namba zinaweza kuishi nayo. Kama mkondo aliomo mwanafunzi hauhusiani na gredi anayopata, basi tungetarajia nini katika kila kisanduku?

Hapa wengi hukosea hatua ya kwanza. Wanaona A ziko 20 na mikondo ni miwili, wanasema kila mkondo upate 10. Sivyo, kwa sababu mikondo hailingani kwa ukubwa. Mashariki ina wanafunzi 40 kati ya 100, kwa hiyo fungu lake katika kila gredi ni sehemu 40 kati ya 100. Katika A 20, fungu hilo ni 8. Katika B 30, ni 12. Kanuni yenyewe ni kuzidisha jumla ya mstari kwa jumla ya safu, kisha kugawanya kwa jumla kuu: 40 mara 20, gawanya kwa 100, unapata 8. Ukifanya hivyo kwa visanduku vyote unapata jedwali la pili, la idadi tarajiwa:

| Mkondo | A | B | C | D | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Mashariki | 8 | 12 | 12 | 8 | 40 |
| Magharibi | 12 | 18 | 18 | 12 | 60 |
| Jumla | 20 | 30 | 30 | 20 | 100 |

Angalieni kwamba majumlisho ya pembeni hayajabadilika hata kidogo. Hilo ni jambo la kukagua kila mara. Kama majumlisho ya jedwali la pili hayalingani na ya jedwali la kwanza, kuna mahali umekosea, na hakuna haja ya kuendelea mpaka upapate. Idadi tarajiwa si lazima iwe namba kamili. Kwingine utapata 7.4 au 11.25, na usiizungushe. Hakuna anayedai kwamba wanafunzi 7.4 walipata A. Ni wastani wa kile ambacho kingetokea kama tungerudia kugawa mara nyingi sana.

Sasa tunalinganisha majedwali mawili, kisanduku kwa kisanduku. Mashariki walitarajiwa kupata A 8, wakapata 12. Wamezidi kwa 4. Magharibi walitarajiwa 12, wakapata 8. Wamepungua kwa 4. Tukijumlisha tofauti hizi zilivyo, za kuzidi na za kupungua zitafutana na tutabaki na sifuri, kwa jedwali lolote lile. Ndiyo maana kila tofauti inapandishwa kipeo cha pili kwanza. Kisha tunagawanya kwa idadi tarajiwa ya kisanduku hicho, kwa sababu kuzidi kwa wanafunzi 4 mahali palipotarajiwa 8 ni jambo zito, na kuzidi kwa 4 mahali palipotarajiwa 80 ni jambo la kawaida. Kwa hiyo Mashariki kwenye A: 4 mara 4 ni 16, gawanya kwa 8, mchango wake ni 2. Magharibi kwenye A: 16 gawanya kwa 12, mchango ni 1.33. Kupotoka ni kulekule, lakini uzito unatofautiana.

Michango yote minane ni hii:

| Mkondo | A | B | C | D |
|---|---|---|---|---|
| Mashariki | 2.00 | 0.33 | 0.75 | 1.13 |
| Magharibi | 1.33 | 0.22 | 0.50 | 0.75 |

Jumla yake ni 7.01. Hiyo ndiyo kai-skwea ya jedwali letu. Kabla hatujaiuliza inasema nini, tazameni inakotoka: karibu nusu nzima imetoka kwenye safu ya A, na safu ya B haijachangia karibu chochote. Mimi huwa siachi kuandika michango hii hata kama kompyuta imeshanipa jumla, kwa sababu jumla inakwambia kiasi cha kupotoka, na michango inakwambia kupotoka kuko wapi.

Je, 7.01 ni kubwa? Inategemea jedwali lina nafasi kiasi gani ya kuchezacheza. Hebu mtu aniambie anataka kujaza upya jedwali letu huku majumlisho ya pembeni yakibaki palepale. Akiniandikia A, B na C za Mashariki, nitamkamilishia yote yaliyobaki bila kumuuliza neno: D ya Mashariki itatoka kwa kutoa kwenye 40, na mstari wote wa Magharibi utatoka kwa kutoa kwenye majumlisho ya chini. Ana uhuru wa visanduku vitatu tu. Ndiyo tunaziita digrii za uhuru: mistari kasoro moja, mara safu kasoro moja. Hapa ni 1 mara 3, yaani 3.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini liliwashinda wakubwa wa takwimu. Karl Pearson alitoa jaribio hili mwaka 1900, na kwa majedwali kama haya alihesabu visanduku vyote akatoa kimoja. Kwa jedwali letu angesema 7. Mwaka 1922 Ronald Fisher akaonyesha kwamba majumlisho ya pembeni, kwa kuwa tumeyachukua kutoka kwenye data zenyewe, yanakula uhuru huo, na hesabu sahihi ni 3. Pearson hakukubali, wakavutana sana. Kwa digrii 7, kizingiti cha kawaida cha asilimia 5, yaani kiasi ambacho kura peke yake hukivuka mara 5 tu katika 100, ni 14.07. Kwa digrii 3 ni 7.815. Ni tofauti kati ya jaribio linaloona na jaribio lililofumba macho.

Yetu ni 7.01. Kizingiti ni 7.815. Haikufika.

Najua baadhi yenu mnaguna. A asilimia 30 kwa 13, D asilimia 12 kwa 25, halafu hesabu inasema haikufika? Mimi nami nilipoifanya mara ya kwanza niliirudia. Kwa hiyo niwaonyeshe maana yake kwa mikono, kama ninavyofanya na wanafunzi wangu, kwa sababu meza ya vizingiti haimshawishi mtu.

Kata kadi 100. Kwenye kadi 20 andika A, 30 andika B, 30 andika C, 20 andika D. Hizo ndizo gredi za wanafunzi wote, na mkondo haujaandikwa popote. Zichanganye vizuri, kisha hesabu 40 za juu uziite Mashariki, 60 zinazobaki uziite Magharibi. Hapo hakuna mwalimu bora wala mwalimu mzembe, hakuna mkondo wenye akili. Kuna kadi na kuchanganya tu. Hesabu A zilizoangukia Mashariki. Zinatarajiwa 8, na mara nyingi zitakuwa kati ya 6 na 10, lakini ukirudia rudia utakutana na 11, na 12, na mara mojamoja 13. Kila unapogawa, kokotoa kai-skwea ya jedwali lililotoka na uiandike. Wanafunzi wakikaa wawili wawili, mmoja anagawa na mwingine anakokotoa, somo moja linatosha kupata migawanyo mingi.

Kati ya kila migawanyo 100, takriban 7 itakupa kai-skwea ya 7.01 au zaidi. Hiyo ndiyo thamani ya p ya jedwali letu: 0.071. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 7 kuwa mikondo iko sawa. Kosa hilo naliona hata kwenye ripoti za watu waliosoma. Inasema: kama mkondo hauna maana yoyote, kadi peke yake zinaweza kuzaa jedwali lililopinda kiasi hiki, au zaidi, mara 7 katika 100. Ukiwa na mazoea ya kumsimamisha mtu kila jedwali linapopinda hivi, utawasimamisha wengi ambao hawana la kueleza.

Wala isigeuzwe upande wa pili. Kutofika kizingiti si ushahidi kwamba mikondo iko sawa. Kama gredi zingekuwa kwa uwiano uleule kabisa lakini wanafunzi wakawa 80 na 120 badala ya 40 na 60, kila mchango ungekuwa mara mbili na kai-skwea ingekuwa 14.03, juu ya kizingiti kwa mbali. Wanafunzi 100 hawatoshi kuona tofauti ya aina hii kwa uhakika.

Na hapo ndipo ulipo mtego ninaoukuta mara nyingi kuliko wote. Mtu anachukua asilimia badala ya idadi. Anaandika Mashariki 30, 35, 22.5, 12.5, na Magharibi 13.3, 26.7, 35, 25, kwa nia njema kabisa, maana mikondo hailingani na yeye anataka kutenda haki. Anakokotoa, anapata 14.42, anatangaza tofauti kubwa. Alichofanya, bila kujua, ni kuliambia jaribio kwamba kila mkondo una wanafunzi 100. Amewaongeza Mashariki watoto 60 ambao hawapo, na Magharibi 40. Kai-skwea inahesabu vichwa. Ukubwa tofauti wa mikondo ulishashughulikiwa kwenye idadi tarajiwa, hauhitaji kurekebishwa tena. Ukikuta kwenye ripoti jedwali ambalo kila mstari una jumla ya 100 kamili, uliza wanafunzi walikuwa wangapi kabla hujasoma neno lingine.

Kwa wanaotumia lahajedwali, neno moja tu: fomula ya CHISQ.TEST inataka majedwali yote mawili, la idadi halisi na la idadi tarajiwa, na inachorudisha ni thamani ya p, si kai-skwea yenyewe. Ukiona 0.071 usiipeleke kwenye meza ya vizingiti.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonileta hapa, na ambalo vitabu vingi vinalipita haraka.

Rudini kwenye jedwali la kwanza. Chukueni safu ya A na safu ya C, mzibadilishane mahali. Kokotoeni upya. Mtapata 7.01 ileile. Zichanganyeni safu zote nne mnavyotaka, itabaki 7.01. Jaribio hili halijui kwamba A ni bora kuliko B, na B kuliko C. Kwake gredi ni kama rangi nne za shanga. Lakini mwenyekiti wa kikao kile hakuuliza kama rangi zinatofautiana. Aliuliza ni mkondo upi umefanya vizuri zaidi. Swali lake lilikuwa na mwelekeo, na kai-skwea haina mwelekeo.

Kwenye jedwali letu kupotoka kuna mpangilio. Mashariki wamezidi kwenye A na B, wamepungua kwenye C na D. Kote kunaelekea upande mmoja. Kai-skwea imeona ukubwa wa kila kupotoka lakini haikuona kwamba yote yameinama upande mmoja, na uzito wa ushahidi ikausambaza kwenye digrii tatu.

Tujaribu kutumia mpangilio huo. Tupe A pointi 4, B 3, C 2, D 1. Mashariki wanapata jumla ya pointi 113, wastani 2.825. Magharibi wanapata 137, wastani 2.283. Wote pamoja, wastani ni 2.5. Sasa pima mtawanyiko: kwa kila mwanafunzi, umbali kutoka 2.5 upandishwe kipeo cha pili, kisha jumlisha zote 100. Jumla ni 105. Kati ya hiyo, sehemu inayotokana na mikondo kuwa na wastani tofauti ni 7.04. Yaani mkondo unaeleza sehemu 0.067 ya mtawanyiko wote, chini ya asilimia 7. Zidisha sehemu hiyo kwa 99, yaani wanafunzi wote kasoro mmoja, unapata 6.64. Hili ni jaribio la mwelekeo, na nalo linasomwa kwenye meza ileile ya kai-skwea, lakini kwa digrii moja tu, kwa sababu tumeuliza swali moja tu. Kizingiti cha digrii moja ni 3.841. Safari hii tumepita kwa mbali. Thamani ya p ni karibu 0.01.

Data zilezile. Kadi zilezile. Jaribio moja linasema haikufika, lingine linasema imefika.

Hakuna lililokosea. Ukichanganya kadi zako na kuangalia kupinda kwa aina yoyote ile, utapata kupinda kama huku mara 7 katika 100. Ukiangalia kupinda kwa mwelekeo tu, tofauti ya wastani kubwa kama hii hutokea karibu mara 1 katika 100. Ni maswali mawili, yana majibu mawili. Na maoni yangu nayasema waziwazi: mtu anayetaka kujua ni darasa gani limefanya vizuri zaidi, kwa gredi zenye mpangilio, kai-skwea ya kawaida si chombo chake cha kwanza. Inatumika mno kwa kazi hiyo kwa sababu ni rahisi kufundisha.

Kazi yake hasa ni hii nyingine. Tuchukue jedwali lenye majumlisho yaleyale ya pembeni, lakini ndani liwe hivi:

| Mkondo | A | B | C | D | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Mashariki | 12 | 8 | 8 | 12 | 40 |
| Magharibi | 8 | 22 | 22 | 8 | 60 |
| Jumla | 20 | 30 | 30 | 20 | 100 |

Wastani wa pointi ni 2.5 kwa Mashariki na 2.5 kwa Magharibi. Jaribio la mwelekeo linatoa sifuri. Mtu anayelinganisha wastani atafunga daftari aende zake. Kai-skwea inatoa 11.11, juu ya 7.815. Mashariki imepasuka vipande viwili, wanaong'ara na waliozama, na katikati kumebaki watu wachache. Magharibi wamejikusanya katikati. Mwalimu wa Mashariki hapa ana kazi ambayo wastani haungemwambia kamwe: ana watoto 12 walioachwa nyuma wamefichwa na 12 waliotangulia. Kwa jedwali kama hili kai-skwea ndiyo inayoona.

Kwa hiyo chagueni swali, na chagueni kabla ya kuona matokeo. Nasisitiza hilo neno kabla, kwa sababu nimewaonyesha majaribio mawili yanayotoa majibu tofauti, na kishawishi cha kujaribu yote kisha kutangaza linalopendeza ni kikubwa. Kuna njia nyingine ya kufanya kosa hilohilo bila kulitambua, nayo ni kuunganisha gredi. Ukiunganisha A na B upande mmoja, C na D upande wa pili, jedwali letu la kwanza linatoa 6.00, na kizingiti cha digrii moja ni 3.841: tofauti ipo. Ukikata kwingine, ukasema D peke yake dhidi ya wengine wote, unapata 2.34: hakuna kitu. Mtu mwenye lake la kutaka kuonyesha anaweza kukata mahali panapomfaa, na kila hesabu yake itakuwa sahihi. Kama kikao kina desturi ya kuhesabu A na B kama kufaulu, iandikwe hivyo kabla karatasi hazijasahihishwa.

Kuunganisha gredi kuna sababu moja halali, nayo ni visanduku vyenye idadi tarajiwa ndogo mno. Meza ya vizingiti ni makadirio, na makadirio hayo yanalegea pale idadi tarajiwa inaposhuka chini ya 5. Kwa kawaida tunavumilia ikiwa ni visanduku vichache, si zaidi ya moja katika kila vitano, na hakuna hata kimoja kilicho chini ya 1. Kumbukeni ni idadi tarajiwa inayoangaliwa, si idadi halisi. Jedwali letu lina kisanduku chenye 5, D ya Mashariki, na kingekuwa hata 2 bado tusingekuwa na wasiwasi, kwa sababu kilichotarajiwa hapo ni 8. Kama mngekuwa na gredi E yenye wanafunzi 2 tu katika mikondo yote, hiyo ingeunganishwa na D. Au mnaachana na meza na kurudi kwenye kadi zenu: zichanganyeni mara nyingi za kutosha, hesabuni, na zenyewe zitawaambia.

Na sharti ambalo hakuna fomula inayolikagua: kila mwanafunzi ahesabiwe mara moja, na gredi ya mmoja isitegemee ya mwingine. Ukiweka mitihani ya muhula wa kwanza na wa pili kwenye jedwali moja, umewahesabu watoto walewale mara mbili. Na kama kwenye chumba kimoja wanafunzi sita walinakili kwa mmoja, hizo si gredi sita. Ni gredi moja iliyoandikwa mara sita, na kai-skwea itapanda bila sababu ya kweli.

Sasa nirudi kwa mwenzetu aliyesimama na chaki mkononi. Tuseme siku ile tungekuwa tumekubaliana tangu mwanzo kutumia jaribio la mwelekeo, tukapata 6.64, tukasema sawa, mikondo inatofautiana na si kura. Bado tusingekuwa tumefika kwake. Kadi zangu 100 zinachanganywa kwanza ndipo zinagawanywa. Ndiyo maana, zikitoka zimepinda kupita kiasi, najua kuna mkono wa mtu. Lakini mkono huo waweza kuwa ulifanya kazi darasani mwaka mzima, au waweza kuwa ulifanya kazi siku moja tu, siku ya kuwagawa wanafunzi, kabla mwalimu hajaingia hata kwenye kipindi cha kwanza. Jedwali la gredi haliwezi kutofautisha hayo mawili.

Yeye aliliona hilo bila kukokotoa chochote. Alichouliza ni hiki: "Naomba kwanza kujua, hawa watoto waligawanywaje mwanzo wa mwaka?"

Palikuwa kimya. Kisha mtu mmoja akasema orodha ya kuwagawa iko ofisini, na kikao kikahamia ajenda iliyofuata. Orodha ile sikuiona mpaka muhula uliofuata, nilipokwenda kuiomba mwenyewe. Ilikuwa imepangwa kwa alama za mtihani wa kujiunga, kutoka ya juu kwenda ya chini, na majina 40 ya kwanza yamepigiwa mstari wa wino mwekundu kwa chini. Pembeni yake pameandikwa: Mashariki.